Kukagua taarifa ya hisa zako Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu walionunua hisa katika Soko la Hisa la Uganda kidogo kidogo: wakaanza na mauzo ya awali, yaani kampuni inapouza hisa zake kwa umma mara ya kwanza, wakaongeza sokoni kupitia dalali, halafu wakauza sehemu walipohitaji ada ya shule. Mtu wa namna hiyo akifungua taarifa yake anakuta safu ya bei ya wastani, safu ya thamani ya leo, na safu ya faida au hasara yenye rangi ya kijani au nyekundu. Mwenye hisa nyingi au chache, anayo haki ya kujua tarakimu hiyo ya mwisho imetoka wapi.

Nimetumia mfano mmoja katika majibu karibu yote, ili uweze kufuata kwa kalamu na karatasi. Kampuni ya mfano haina jina, na bei zake ni za kufundishia tu.

Kabla ya faida na hasara, nianze kuangalia nini?

Anza na idadi ya hisa. Ni kazi ya dakika chache, na ikiwa idadi haipo sawa hakuna hesabu nyingine itakayokuwa sawa.

Hisa zako hazikai kwa dalali. Zimeandikwa katika hifadhi kuu ya hisa, ile tunayoiita SCD, chini ya namba ya akaunti yako. Dalali ni mtu wa kati anayepeleka oda yako sokoni, na unaweza kuwa na madalali wawili huku akaunti ya SCD ikiwa moja. Kwa hiyo zipo taarifa za aina mbili, na watu huzichanganya. Taarifa ya SCD inakuonyesha una hisa ngapi za kampuni gani na zimeingia na kutoka lini. Taarifa ya dalali, au ya programu ya simu unayonunulia, ndiyo inayoongeza bei ya wastani na faida.

Ya SCD ndiyo ya kuaminiwa kuhusu idadi. Kama SCD inasema 2,500 na programu inasema 2,000, tafuta hizo 500 kwanza. Mara nyingi ni hisa ulizopata kwenye mauzo ya awali, au ulizonunua kwa dalali mwingine, na programu haizijui kabisa.

Bei ya wastani inahesabiwaje hasa?

Jumla ya fedha ulizotoa kununua, ugawe kwa jumla ya hisa ulizopata. Makosa hutokea pale mtu anapochukua bei tatu, akazijumlisha na kugawa kwa tatu, bila kujali kwamba kila bei ilinunua idadi tofauti ya hisa.

Tumchukue mwenye duka la vitambaa pale Kikuubo. Alinunua hisa 2,000 katika mauzo ya awali kwa shilingi 200 kila moja, yaani shilingi 400,000, bila kamisheni, kwa sababu katika mauzo ya awali mnunuzi hulipa bei iliyotangazwa tu. Bei iliposhuka sokoni akaongeza hisa 1,000 kwa shilingi 170. Baadaye bei ikapanda, akaongeza nyingine 1,000 kwa shilingi 230.

Kwa bei tupu ametoa 400,000, na 170,000, na 230,000. Jumla ni shilingi 800,000 kwa hisa 4,000, na wastani ni shilingi 200 kamili. Hiyo ndiyo tarakimu ambayo programu yake inamwonyesha kwenye safu ya `Avg Price`. Haijakosea kujumlisha, lakini si gharama yake halisi.

Kwa nini si gharama yake halisi?

Kwa sababu ununuzi wa sokoni una makato. Kila biashara hukatwa asilimia fulani ya thamani yake: sehemu kubwa ni kamisheni ya dalali, na vipande vidogo huenda kwa soko lenyewe, kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kwa SCD na kwa mfuko wa fidia wa wawekezaji. Katika mfano huu nimeweka makato yote pamoja kuwa asilimia 2.1. Kiwango chako wewe usikikisie. Kimeandikwa kwenye hati ya mauziano, karatasi au PDF ambayo dalali hukutumia baada ya kila biashara.

Ununuzi wa pili wa mwenye duka wetu ulikuwa wa shilingi 170,000, na makato yake ni shilingi 3,570. Wa tatu ulikuwa wa shilingi 230,000, makato shilingi 4,830. Jumla ya makato ni 8,400. Kwa hiyo fedha zilizomtoka mfukoni ni shilingi 808,400, na wastani wake halisi ni shilingi 202.10 kwa hisa.

Shilingi mbili na senti kumi zinaonekana ndogo. Lakini zidisha kwa hisa 4,000 na utaona ni zile 8,400, na bado makato ya siku ya kuuza hayajaja. Kwa mtu anayenunua na kuuza mara kwa mara, tofauti hii ndiyo inayoweza kufanya taarifa iwe ya kijani huku mfuko unapungua.

Nitajuaje kama programu yangu imeingiza makato au imeyaacha?

Chukua ununuzi mmoja tu wa sokoni, wa kampuni ambayo hujawahi kununua tena wala kuuza. Linganisha bei ya wastani kwenye taarifa na bei iliyoandikwa kwenye hati ya mauziano. Zikilingana kabisa, makato yameachwa nje. Ikiwa wastani umezidi kwa asilimia ile ile ya makato, yameingizwa. Mwenye duka wetu angekuwa na ule ununuzi wa pili peke yake, angeona ama 170.00 au 173.57. Hakuna haja ya kumuuliza mtu.

Njia hii haifanyi kazi kwa hisa za mauzo ya awali, kwa kuwa hizo hazikuwa na makato tangu mwanzo.

Ukitaka kujihesabia mwenyewe kwenye lahajedwali, weka idadi ya hisa safu ya B, bei safu ya C, na makato ya kila ununuzi safu ya D, mistari ya 2 hadi 4. Kisha andika:

```
=(SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)+SUM(D2:D4))/SUM(B2:B4)
```

Kwa mfano wetu jibu litakuwa 202.1.

Niliuza baadhi ya hisa, na bei yangu ya wastani ikabadilika. Ni sawa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapo ndipo unapogundua taarifa yako inatumia hesabu gani, hata kama hakuna aliyekueleza.

Mwenye duka aliuza hisa 1,500 kwa shilingi 250. Mauzo ni shilingi 375,000, makato ni shilingi 7,875, na aliyopokea ni shilingi 367,125. Amebaki na hisa 2,500.

Kwa hesabu ya wastani, kuuza hakugusi bei ya wastani hata kidogo. Hisa 1,500 zimeondoka na gharama yake, kila moja 202.10, na 2,500 zilizobaki zinaendelea kubeba 202.10 zao. Gharama iliyobaki ni shilingi 505,250. Ikiwa programu inaacha makato nje, itabaki kuonyesha 200 kama mwanzo, na gharama ya 500,000.

Wastani ukisogea kidogo baada ya kuuza, huenda mfumo unauza kwanza zile zilizonunuliwa kwanza. Hiyo ni njia halali. Katika mfano wetu, hisa 1,500 zingetoka katika zile za mauzo ya awali. Zingebaki 500 za shilingi 200, pamoja na 1,000 za pili na 1,000 za tatu na makato yake. Gharama iliyobaki ingekuwa shilingi 508,400, na wastani shilingi 203.36.

Wastani ukianguka sana, hapo kuna jambo jingine. Mifumo mingine huchukua fedha za mauzo na kuzitoa kwenye gharama yote: 800,000 toa 375,000, inabaki 425,000, gawa kwa hisa 2,500, unapata shilingi 170. Mwenye duka akiona 170 atafurahi na kudhani hisa zake ni za bei rahisi. Hazijawahi kuwa. Faida ya zile alizouza imesukumwa ndani ya zile alizobaki nazo, na sasa safu ya faida itaonyesha vitu viwili vilivyochanganywa bila kusema. Bei hiyo ya 170 usiitumie kuamua kama uuze au usiuze.

Sasa faida yake ni kiasi gani? Nimeona tarakimu tatu tofauti.

Tuseme siku ya taarifa bei ya kufunga ni shilingi 245. Thamani ya hisa 2,500 ni shilingi 612,500. Taarifa isiyo na makato itasema faida ni 112,500. Yenye wastani wa 202.10 itasema 107,250. Ile iliyoshusha wastani hadi 170 itasema 187,500. Mtu mmoja, hisa zile zile, siku ile ile.

Usihangaike kuchagua kabla hujafanya hesabu ambayo haihitaji wastani wowote. Andika fedha zote zilizotoka mfukoni mwako kwa ajili ya hisa hizo, makato yakiwemo: 808,400. Andika fedha zote zilizorudi kutoka mauzo, makato yakiwa yametolewa: 367,125. Ongeza thamani ya zilizobaki: 612,500. Halafu:

367,125 + 612,500 − 808,400 = 171,225

Hiyo ndiyo faida yote ya bei tangu siku ya kwanza mpaka siku ya taarifa. Njia yoyote sahihi lazima ifike hapo. Ijaribu kwa wastani: hisa 1,500 alizouza zilimgharimu 303,150, akapokea 367,125, kwa hiyo faida aliyokwisha kuivuna ni 63,975. Ongeza faida ya kwenye karatasi, 107,250. Inakuja 171,225. Ijaribu kwa njia ya zilizotangulia kununuliwa: faida iliyovunwa ni 67,125, ya kwenye karatasi ni 104,100, na jumla ni 171,225. Hata ile 187,500 ukiitoa makato yote matatu, 3,570 na 4,830 na 7,875, unafika 171,225.

Kwa hiyo njia hizi zinagombana tu juu ya faida ipi imekwisha kuvunwa na ipi bado. Jumla haibadiliki. Ikiwa umejumlisha safu mbili za taarifa yako, ile ya mauzo yaliyokamilika na ile ya hisa zilizobaki, na hazifiki kwenye hesabu ya fedha, kuna kitu kimepotea: ununuzi ambao haukuandikwa, makato yaliyoachwa, au hisa zilizoingia bila gharama. Programu nyingi huonyesha tu `Unrealised Gain/Loss`, na ile iliyovunwa hufichwa kwenye ukurasa mwingine au haipo kabisa. Ndiyo maana watu waliouza vizuri huona taarifa yao haitaji faida hiyo mahali popote.

Je, nikiuza leo nitapata hiyo faida ya kwenye karatasi?

Hapana, utapata pungufu. Kwanza kuna makato ya kuuza. Shilingi 612,500 zikikatwa asilimia 2.1 zinabaki takriban 599,637, na faida ya hizo hisa 2,500 inashuka kutoka 107,250 hadi 94,387 hivi. Taarifa karibu zote hazitoi makato ambayo bado hayajatokea.

Kutokana na hilo, ipo bei ambayo chini yake unauza kwa hasara ingawa taarifa ni ya kijani. Gawa wastani wako halisi kwa 0.979: 202.10 gawa kwa 0.979 ni kama 206.44. Mwenye duka akiuza kwa 206 amepoteza kidogo. Akiuza kwa 207 amepata kidogo. Programu inayoonyesha wastani wa 200 ingemwambia yuko kwenye faida tangu 201.

Pili, ile bei ya kufunga. Soko letu halina biashara nyingi kwa kila kampuni. Zipo hisa zinazouzwa kila siku, na zipo ambazo siku nyingi hupita bila hata moja kubadilisha mikono. Kwa hizi za pili, bei kwenye taarifa ni ya mara ya mwisho zilipouzwa, hata kama ni wiki iliyopita na zilikuwa hisa chache tu. Ukitaka kuuza nyingi, mnunuzi wa bei hiyo anaweza asiwepo. Angalia ripoti ya soko ya siku hiyo: inaonyesha bei ya kufunga na pia idadi ya hisa zilizouzwa. Idadi ikiwa sifuri, ichukulie thamani kwenye taarifa kama makadirio.

Gawio limo ndani ya faida hiyo?

Kwa kawaida halimo. Na hapa taarifa ya dalali haina kosa, maana gawio halipiti kwake. Kampuni hulilipa kupitia msajili wake wa hisa, moja kwa moja kwenye akaunti ya benki au namba ya simu iliyoandikwa kwenye kumbukumbu zako. Dalali anaweza asijue umelipwa. Kwa hiyo rekodi ya gawio uiweke mwenyewe, kutoka taarifa ya benki au ujumbe wa simu.

Mambo mawili ya kukagua. La kwanza ni kodi ya zuio. Kwa mtu binafsi anayepokea gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni Uganda, kodi ni asilimia 10, na hukatwa kabla fedha hazijakufikia. Gawio linalotangazwa gazetini ni kabla ya kodi. Kampuni ikitangaza shilingi 12 kwa hisa, wewe utapokea shilingi 10.80. Ukiona asilimia 15 imekatwa, uliza umeandikishwa kama nani, kwa kuwa kiwango hicho hukatwa kwenye magawio mengine. Watu walionunua kwa jina la kampuni yao au la kikundi waangalie hapa kwa makini.

La pili ni idadi ya hisa siku daftari la wanahisa lilipofungwa. Gawio hulipwa kwa idadi ya siku hiyo, si ya leo. Mwenye duka alikuwa na hisa 4,000 daftari lilipofungwa kwa gawio la kwanza la shilingi 12, ndipo akauza. Haki yake ni shilingi 48,000, toa kodi 4,800, mkononi 43,200. Programu inayozidisha shilingi 12 kwa hisa 2,500 za leo itamwonyesha 30,000 kabla ya kodi, na akiiamini hataulizia kilichopungua. Gawio la pili la shilingi 8 lilimkuta na 2,500: shilingi 20,000, mkononi 18,000. Yote mawili ni 61,200.

Ongeza hizo kwenye 171,225 na mapato yake yote tangu alipoanza ni shilingi 232,425. Zaidi ya robo ya fedha hizo haionekani popote kwenye taarifa ya dalali.

Nilinunua siku mbili kabla ya daftari kufungwa, na sikupata gawio. Nimeibiwa?

La. Biashara ya sokoni hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya kununua, na jina lako huingia hapo. Daftari likifungwa Ijumaa, na hakuna sikukuu katikati, ununuzi wa mwisho wa kukufikisha ni Jumanne. Ukinunua Jumatano, gawio ni la aliyekuuzia. Tazama kwenye taarifa ya SCD tarehe hisa zilipoingia, maana hiyo ndiyo inayohesabika.

Baada ya gawio kubwa, taarifa yangu imegeuka nyekundu ghafla. Kampuni inaanguka?

Si lazima. Fedha zikitoka kwenye kampuni kwenda kwa wanahisa, kampuni inabaki na pungufu, na bei hushuka. Taarifa inaona bei imeshuka lakini haioni gawio lililoingia benki, kwa hiyo inaandika hasara.

Kampuni ya Umeme ni mfano wa wazi. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2012 kwa shilingi 275. Mkataba wake wa miaka 20 wa kusambaza umeme ulimalizika tarehe 31 Machi 2025, na mwaka huo huo wanahisa walilipwa gawio kubwa kupita la kawaida, kisha bei ya hisa ikashuka sana. Mtu aliyetazama safu ya faida na hasara pekee aliona mtaji wake umeyeyuka, wakati sehemu kubwa ilikuwa imerudi kwake kwa mlango mwingine. Katika hali kama hiyo fanya hesabu ya fedha niliyoonyesha juu, na uweke gawio ulilopokea upande wa fedha zilizorudi. Hasara ikibaki baada ya hapo, ni hasara ya kweli.

Nilipewa hisa za nyongeza bila kulipa. Zinaingiaje kwenye wastani?

Zinaongeza idadi, haziongezi gharama. Katika mauzo ya awali ya MTN Uganda mwaka 2021, bei ilikuwa shilingi 200 na zilikuwepo hisa za motisha kwa wanunuzi waliostahili. Chukulia mtu alilipia hisa 1,000 na akaongezewa 50. Ametoa shilingi 200,000 na ana hisa 1,050, wastani wake ni shilingi 190.48.

Taarifa ikionyesha hisa 1,050 kwa wastani wa 200, inadai alilipa shilingi 210,000, na faida yake imepunguzwa kwa 10,000 isivyo haki. Hisa za bonasi, kampuni inapogawa kwa wanahisa waliopo, huhesabiwa vivyo hivyo. Ila hapo bei ya sokoni nayo hushuka kwa sababu hisa zimeongezeka, na programu ambayo haijarekebisha idadi itaonyesha hasara kubwa ya uongo. Ukiona bei imekatika karibu nusu kwa siku moja na hakuna habari mbaya, angalia kama kampuni imegawa bonasi, kisha angalia idadi kwenye SCD.

Wastani wangu umeandikwa sifuri.

Hisa hizo ziliingia bila rekodi ya bei: umezihamisha kutoka kwa dalali mwingine, umezirithi, au zilikuwa vyeti vya karatasi vilivyoingizwa SCD. Dalali mpya anaona idadi tu. Dalili yake ni kwamba faida inalingana na thamani yote. Mifumo mingine, badala ya sifuri, huweka bei ya siku ya uhamisho, na hiyo ni mbaya zaidi kwa kuwa inaonekana ya kawaida. Mpelekee dalali hati zako za zamani za mauziano, au barua ya mgao wa mauzo ya awali, umwombe aingize gharama halisi.

Nikikuta kosa, niandike nini?

Andika kwa dalali, kwa barua pepe ili kuwe na tarehe. Usiandike "faida yangu si sahihi", kwa sababu utajibiwa kwamba mfumo ndivyo unavyohesabu. Taja namba yako ya SCD, jina la kampuni, tarehe ya biashara, na tarakimu mbili zinazogongana, kwa mfano:

"Kwenye hati ya mauziano ya tarehe fulani nilinunua hisa 1,000 kwa shilingi 170 na makato shilingi 3,570. Taarifa yenu inaonyesha ununuzi wa hisa 100. SCD inaonyesha 1,000. Naomba mrekebishe, na mnitumie taarifa mpya pamoja na maelezo kama bei ya wastani inajumuisha makato."

Ambatisha hati na taarifa ya SCD. Swali la gawio lipeleke kwa msajili wa hisa wa kampuni, maana dalali atakurudisha huko huko. Akaunti ya benki iliyofungwa na namba ya simu iliyobadilishwa ndizo sababu za kawaida za gawio kukwama, na msajili ndiye anayeweza kukwambia ni magawio yapi yanakusubiri. Ikiwa hisa zenyewe hazionekani SCD, au dalali hajibu, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa madalali.

Hati za mauziano usizifute hata baada ya kuuza kila kitu. Dalali akibadilisha mfumo wake wa kompyuta, bei zako za ununuzi ndizo hupotea kwanza, na huwezi kuzipata SCD.